Maandishi mekundu kwenye kadi ya mpwa wangu

Kadi ya kliniki ya mpwa wangu, binti wa miaka 17, ina maneno ya wino mwekundu: "Ana mzio wa penisilini." Mimi ni tabibu, na kwa maoni yangu maneno hayo yaliandikwa mapema mno.

Alianza na koo. Homa kali, mafindofindo yenye utando mweupe, tezi zimevimba mpaka nyuma ya shingo, uchovu wa kutotaka hata kuoga. Akapewa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini. Siku ya saba ya dawa aliamka kifua na mgongo vimejaa madoa mekundu, mengine bapa, mengine yameinuka kidogo, na kufikia jioni yalikuwa yameshuka hadi mapajani. Midomo haikuvimba, wala hakubanwa kifua. Dawa ikasimamishwa, kadi ikaandikwa.

Damu ilipimwa baadaye, ikaonyesha virusi vya Epstein-Barr: homa ya tezi. Huku kwetu watoto wengi huvipata wakiwa wadogo kupitia mate na hakuna anayegundua, ndiyo maana kwa kijana wa sekondari ni rahisi kuvisahau. Amoksilini haiviui. Ila virusi hivyo huwa vimeshazichochea chembe za kinga, na dawa ikiingia katikati ya vurugu hiyo, ngozi hulipuka. Kwa makadirio ya karibuni, huwatokea kama watoto watatu kati ya kumi wenye homa hii wanaopewa amoksilini.

Mzio wa hatari wa penisilini hauna subira ya siku saba. Kwa kawaida hufika ndani ya saa moja: mabaka yaliyovimba, yanayowasha na kuhamahama, midomo inajaa, pumzi inabana. Na kama vipele vina malengelenge, au kuna vidonda mdomoni na machoni, au ngozi inachubuka, hiyo ni dharura nyingine kabisa, na dawa hiyo hairudiwi tena maishani.

Kinachoniudhi ni kwamba wino mwekundu haufutiki kirahisi. Binti huyu akija kupata ujauzito na kaswende ikaonekana, penisilini ndiyo tiba inayoaminika kumlinda mtoto tumboni. Ningependa kadi iseme kilichoonekana: "Madoa mekundu, siku ya 7 ya amoksilini, wakati wa homa ya tezi, hakuna uvimbe wala kubanwa pumzi." Daktari ajaye angekuwa na kitu cha kupima.

Si kwamba wote wako salama; wachache hubaki na mzio wa kweli hata baada ya kupona. Kwa hiyo dada yangu nilimkataza kumjaribishia nyumbani. Tulisubiri miezi kadhaa, akapewa hospitalini dozi ndogo, kisha kamili, akiwa chini ya uangalizi. Tukaendelea kumkagua ngozi siku zilizofuata, maana vipele vya aina hii huchelewa. Havikutoka. Daktari alichora mstari juu ya yale maneno mekundu, akaweka tarehe na sahihi.