Njia ya Lushoto tuihukumu kwa kipimo gani?

“Kufikisha mzigo kwa duka moja la Lushoto kunatugharimu shilingi 33,000, na kwa duka la mjini Tanga 4,800. Kwa nini tusiifute njia hiyo?”

Swali hili la msimamizi wa ghala la sabuni ni halali, kwa sababu gharama kwa kila ushushaji huonyesha upesi wateja waliotawanyika. Ila kipimo cha pili, gharama kwa kila kilomita, kinasema kinyume chake. Kwa hesabu yake, Kanta ya mjini hutembea kilomita 40 kwa shilingi 120,000, yaani 3,000 kwa kilomita, na Fuso ya Lushoto hutembea takriban 330 kwenda na kurudi kwa shilingi 330,000, yaani 1,000 tu.

Sitakitegemea hicho nacho. Mshahara wa dereva na utingo, bima na uchakavu wa gari hulipwa hata gari likitembea kidogo, kwa hiyo kila kilomita inayoongezwa hushusha wastani, na dereva anayezunguka bila sababu ataonekana bora kuliko anayekata njia fupi. Kipimo hiki kinafaa zaidi kulinganisha gari lilelile, kwenye njia ileile, mwezi hadi mwezi: gharama ikipanda ghafla bila bei ya mafuta kubadilika, nitaanza kukagua breki na matairi, hasa kwa gari linalopanda na kushuka kona za Mombo hadi Lushoto kila wiki.

Ushushaji nao una kasoro, maana unahesabu milango na kusahau mzigo. Duka la Ngamiani, mjini Tanga, huchukua katoni 8 kwa wastani, la Lushoto 60. Maduka 25 ya mjini hupokea katoni 200, kila moja ikisafirishwa kwa shilingi 600. Maduka 10 ya Lushoto hupokea katoni 600, kwa shilingi 550 kila moja. Njia iliyoonekana mzigo mzito ndiyo nafuu, mradi mahesabu yahusu ushushaji uliokamilika, kwa kuwa duka lililokutwa limefungwa limekula mafuta bila kupokea kitu.

Kabla ya kufuta, ni lazima kutenga gharama zitakazoondoka kweli. Katika zile 330,000, mafuta ni 198,000. 132,000 zilizobaki ni za gari na watu wake, nazo zitaendelea kulipwa hadi gari liuzwe au lipewe kazi nyingine. Ikiwa kila katoni inaacha faida ya shilingi 500 kabla ya usafiri, safari moja inaleta 300,000. Kwa gharama kamili ni hasara ya 30,000, lakini kuifuta kunaokoa 198,000 na kupoteza 300,000. Leo ningeiacha, nikaongeza maduka ya Korogwe ambako Fuso inapita tayari, na siku gari litakapohitaji kubadilishwa ningeirudia hesabu yote, kwa sababu hapo zile 132,000 nazo zitakuwa za kuepukika.