Sauti kwanza, au ba be bi bo bu?

"Mwezi wa pili huu mtoto yuko darasa la kwanza, a be che de hajui. Kwani mwalimu anafundisha nini?"

Anafundisha sauti. Majina ya herufi yanaweza kusubiri, maana mtoto anayejua "em" na "a" akiyaunganisha anapata "ema", wakati neno linataka "ma".

Wapo walimu wazoefu wanaotetea chati ya silabi, ile ya ba be bi bo bu, na hoja wanayo. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na darasa la watoto 60 linaweza kufundishwa kwa chaki na ubao tu. Kasoro iko kwenye kuitikia kwa pamoja. Mwoneshe mtoto "bo" peke yake, umtazame mdomo: unacheza kimyakimya ba, be, bi, ndipo sauti inatoka, "bo!" Huyo amekariri wimbo. Akifika kwenye "mtu" anasoma "matu", kwa sababu m isiyo na irabu kwenye chati hakuiona.

Kwa njia ya sauti, irabu tano hutangulia, kisha m. Inaanza m kwa kuwa inavutika: mmm hadi aaa bila kukata pumzi, ma. Siku hiyohiyo mtoto anasoma mama, mimi, mume. Zikifuata l na s, tayari ana lima, simu, somo, asali. B na d zitenganishwe kwa wiki kadhaa, na vivyo hivyo l na r pale ambapo lugha ya nyumbani haizitofautishi. Ch, sh, ny na ng' zingoje herufi mojamoja zikolee.

Kwenye k, t, p na b watu wa chati wako sahihi. Sauti hizi hazivutiki. Mwalimu akitamka k kama "ke", mtoto ataunganisha "ke-a". Bora afundishe ka nzima, kisha abadilishe irabu bila mpangilio: ku, ka, ki, ko. Mpangilio ukirudi, wimbo nao unarudi.

Linalorukwa mara nyingi ni upimaji wa kila siku, kwa kisingizio cha wingi wa watoto. Chukua watoto sita kwa siku, dakika moja kila mmoja, wenzao wakiandika. Darasa la 60 linaisha kwa siku 10 za masomo. Kadi iwe na silabi 10 zilizochanganywa na maneno matatu, moja likiwa la kubuni, kama "lemu", ambalo hakuna aliyelikariri. Tuseme wanne kati ya sita wamesoma "lima" badala ya "lemu": hao wanakisia kwa herufi ya kwanza, na kesho darasa zima lirudie kuunganisha kabla ya sauti mpya. Akikosea mmoja tu, abaki na mwalimu dakika tano, wengine waendelee.