Omar ni Babangu

Jumanne asubuhi nimefungua kompyuta ofisini, huku Leicester, na barua pepe ya kwanza inaanza hivi: "Dear Mr Omar". Mimi ni mwanamke. Omar ni babangu, na babangu tulimzika Lamu miaka tisa iliyopita. Nilikaa kitambo nikilitazama lile jina kwenye kioo kabla sijaweza kusoma mstari wa pili.

Aliyeandika ni kijana wa Malindi anayetafuta nafasi katika chuo ninachofanyia kazi. Barua yake nzuri, Kiingereza chake safi, vyeti amevipanga sawasawa. Barua iliyofuata ni ya mtu wa Poland, Kiingereza chake kinachechemea, lakini imeanza "Dear Admissions Team", yaani kwa kikosi kizima cha usajili. Huyu hakunijua, na hakujifanya ananijua. Ameiandikia kazi ninayoifanya. Niliona raha, na hapo hapo nikaona uchungu kwamba raha hiyo sikuletewa na mtu wa kwetu.

Najua mtakavyosema. "Huyu amekaa Uingereza miaka kumi na moja, sasa anatufundisha kusalimiana." Hapana. Kusalimiana nimefundishwa Langoni, na nyanya yangu, na hakuna Mwingereza aliyeniongezea lolote. Mtoto wa Lamu hapiti mbele ya mtu mzima bila sabalkheri. Kwa salamu ya mdomo sisi hatuna mwalimu. Ninayoisema ni salamu ya karatasi, ya kumwandikia mtu usiyemjua, na hiyo hatukuirithi kwa wazee. Babu zetu waliandikiana kwa herufi za Kiarabu, "Ila janabi" na sifa zikafuata mstari mzima, lakini walijua wanamwandikia nani. Barua ya kwenda kwa mgeni aliye nyuma ya meza tumeipata kwa serikali ya mkoloni, na tumeipokea na "Dear Sir" yake, kwa sababu siku hizo aliyekaa nyuma ya meza alikuwa bwana kweli. Bwana yule ameondoka. Sisi bado tunamwandikia.

Huku wenyewe wameanza kuiacha. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya mawakili ya London, Freshfields, ilitangaza kwamba haitaandika tena "Dear Sirs" katika barua zake, na mawakili ndio watu wa mwisho kubadili neno. Kwetu mwanafunzi asipoiandika anakatwa alama.

Sasa niwaeleze kwa nini "Mr Omar" inatuumiza watu wa pwani kuliko inavyomuumiza Mwingereza. Kwa Mwingereza, jina la mwisho ni la ukoo, na cheo cha heshima hukaa mbele ya jina hilo. Akikosea akamwita mwanamke "Mr Smith", amekosea jinsia tu. Kwetu jina la mwisho ni la baba, au la babu. Mwanamke wa Lamu ni Fulani binti Omar, na kwenye kitambulisho yule "binti" ameanguka njiani, pamebaki Omar. Wagiriama nao vivyo hivyo: ukiona Katana au Karisa mwishoni mwa jina, hilo ni jina la mwanamume, lakini mwenye kulibeba huenda akawa mama wa watoto watano. Kwa hiyo ukichukua herufi moja na jina la mwisho, ukatia "Mr", umemwandikia baba wa mtu. Na ukitia "Bi." mbele ya Omar ndiyo umeharibu kabisa, maana sisi "Bi." twaiweka mbele ya jina la mtu mwenyewe. Bi. Mwanaisha. Bi. Zainabu. Hakuna aliyewahi kumwita mamangu Bi. Omar.

Na hapa nitajisifu kidogo kwa niaba ya lugha yetu. "Bi." haiulizi kama umeolewa. Waingereza wamehangaika miaka na miaka kati ya "Miss" na "Mrs", hata wakalishika "Ms" ili waondokane na swali hilo, na mpaka leo wako wanaolinunia. Sisi tulikuwa nalo. Tena kitenzi chetu hakijui mume wala mke: "amefika" ni amefika, awe Ali au Asha. Unaweza kuandika kurasa mbili kwa Kiswahili juu ya mtu, na msomaji asijue ni nani kati ya hao wawili. Lugha yenye uhuru huo, halafu tunaifungua barua kwa "Bwana" tusiyemwona! Hilo ndilo linalonikera.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia barua ya kuomba kazi katika hoteli moja ya Malindi, niipitie. Ilianza "Dear Sir,". Nikamuuliza, huyu bwana ni nani? Akaniambia, "Shangazi, sijui, lakini si ndivyo tulivyofundishwa?" Nikamwambia anipige picha ya tangazo lenyewe. Chini kabisa, karibu na sanduku la posta la 80200, palikuwa na herufi R, jina moja la Kigiriama, na maneno Meneja wa Wafanyakazi. Basi tulikuwa na vitu viwili mkononi, nusu ya jina na cheo kizima.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuandika "Dear Sir/Madam". Nikamkataza. Haina tusi, lakini ule mkwaju wa katikati unamwambia msomaji kwamba barua hii imechapwa mara moja na kupelekwa hoteli ishirini. Wazo la pili lilikuwa "To Whom It May Concern". Hiyo ina mahali pake: ni ya barua ya ushuhuda anayopewa mtu aende nayo, itasomwa na yeyote atakayeonyeshwa, leo bandarini, kesho benki. Barua ya kuomba kazi ina mtu mmoja wa kuisoma, na tangazo limekwisha kukuonyesha kiti chake. Wazo la tatu, na hili lilikuwa la kwake mwenyewe, ni "Good morning". Nikamuuliza, na akiisoma saa kumi jioni?

Tukabakiwa na njia mbili zilizo salama. Ya kwanza ni kuandika jina kama lilivyochapwa, herufi R na lile jina la pili, bila "Mr" wala "Mrs" mbele yake. Wengi huiona kavu, lakini haimkosei mtu. Ya pili ni kuandika cheo: "Dear Human Resources Manager" kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili "Kwa Meneja wa Wafanyakazi", mkato, kisha mstari wa mintarafu. Cheo hakina ndevu wala buibui. Na kama tangazo halina cheo, idara inatosha, kama alivyofanya yule wa Poland.

Mwisho wa barua nao hufuata mwanzo. Kwa kanuni ya Waingereza, ukiwa umeanza bila jina unamaliza "Yours faithfully", na ukiwa umeanza kwa jina unamaliza "Yours sincerely". Mpwa wangu alibadilisha mwanzo akasahau mwisho, na mtu mzoefu huliona hilo papo hapo, kama kanzu iliyofungwa kifungo kwenye tundu la pili.

Kuna njia iliyo bora kuliko zote mbili, nayo ni kuuliza. Hapo ndipo nasikia kelele zenu. "Wewe huko ukipiga simu inashikwa! Piga ya hapa basi." Kweli, hilo nakubali, na msidhani nimesahau. Huku nikipiga simu na kusema, namwandikia mkuu wa usajili, jina lake laandikwaje, naandikiwa herufi kwa herufi ndani ya dakika moja. Kwetu simu italia hadi ikate. Lakini kwetu tuna kitu ambacho huku hakipo, tuna askari wa getini. Mpwa wangu ana rafiki Malindi, akamtuma. Askari alimtajia jina zima bila kusita, kumbe ni mama, akaongeza na siku ambazo hakai ofisini. Jina hilo likaingia kwenye barua, "Bi." mbele ya jina lake mwenyewe, na la babake likafuata nyuma. Bure, bila senti ya simu.

Wako watakaosema tuandike "Ndugu", kama Watanzania. Nalipenda neno hilo. Kwa asili ni la wote, ndugu wa kike na ndugu wa kiume, na Tanzania ofisini laenda vizuri kabisa. Lakini Kenya mwenye kulisoma hudhani unamwita kaka, au umetoka kanisani, kwa hiyo ukivuka mpaka lipime. "Mheshimiwa" nalo ni la wote, ila kwetu wanasiasa wamelikalia. Na "Mpendwa" sitaliandika kwa nisiyemjua. Limeletwa lisimame mahali pa "Dear", lakini "Dear" ya Mwingereza imekwisha kupoa, na "mpendwa" ya Kiswahili bado ina moto. Mamangu aliletewa barua na benki, "Mpendwa mteja", akaniuliza kwenye simu kwa nini watu wa benki wampende.

Mwingine atasema haya ni makubwa mno kwa maneno mawili. Ofisini kwangu hakuna aliyewahi kukataliwa kwa sababu ya "Dear Sir"; tunatazama alama na karo, na yule kijana wa Malindi nimemshughulikia kama wengine wote. Lakini anayeomba kazi anamwandikia mtu mmoja ambaye ana barua sitini mezani na haijui hata sura yake. Mstari wa kwanza ndio alio nao huyo mtu. Kwa nini uutumie kumwambia kwamba hukusoma tangazo lake mpaka mwisho?

Wala sikumlaumu yule kijana peke yake. Nilirudi kwenye sahihi yangu, ile inayojiandika yenyewe chini ya kila barua pepe, nikakuta kweli nilikuwa nimeweka herufi moja na Omar. Nilifanya hivyo miaka ya kwanza nilipofika, kwa sababu Waingereza walikuwa wakilivunja jina langu na nilichoka kuwarekebisha. Nimelificha jina langu mwenyewe, halafu nikaumia kwa kuwa halikuonekana. Jumanne hiyo hiyo nimelirudisha zima, herufi zote, na cheo changu chini yake. Walivunje tu, watajifunza. Mwenye kuniandikia sasa ana jina langu la kuanzia. Omar ni babangu.