Kosa si la mamangu mdogo

Ijumaa baada ya swala nilipita Kibokoni kwa mamangu mdogo. Anauza leso, na alikuwa akijisajili kwenye tovuti ya muuzaji wa jumla. Mara tatu amejaza fomu, mara tatu amegusa linki ya kuthibitisha barua pepe, mara tatu ameambiwa linki si sahihi.

"Mwanangu, simu hii ina jini."

Nikamwomba arudie nikiona. Fomu aliijaza ndani ya Chrome, niliyomwekea mwenyewe. Akaenda kwenye barua pepe, akagusa linki, ukurasa ukafunguka, lakini sehemu ya anwani ilikuwa imekaa chini ya kioo badala ya juu. Kumbe hiyo si Chrome tena. Ni kivinjari kilichokuja na simu, na simu hukitumia kwa kila linki mpaka ubadilishe kwenye mipangilio.

Alipojisajili, tovuti iliacha kuki ndani ya Chrome, alama ndogo ya kumkumbuka mgeni wake. Vivinjari haviazimani kuki, hata vikiwa kwenye simu moja. Linki ilipofunguka upande wa pili, tovuti ilitafuta kuki yake, ikaikosa, ikamkana mama wa watu. Ukijisajili kwenye dirisha la faragha, au kwenye kompyuta yenye profaili ya kazini na ya nyumbani, yatakukuta hayo hayo.

Dawa yake ni hii: usiiguse linki. Ibonyeze uishikilie, uinakili, kisha uibandike kwenye kivinjari ulichoanzia. Tulipofanya hivyo ikakataa tena, kwa kuwa ile linki ilikuwa imeshatumika alipoigusa. Tukaomba mpya, tukaibandika hiyo mpya, ikapita. (Zile za zamani zifute, mara nyingi ikija mpya, ya nyuma hufa.)

Lakini kwa nini muuza leso ajue haya? Mimi hutengeneza tovuti, na nasema huu ni uvivu wetu. Ndani ya linki mna herufi za siri zinazotosha kuiambia seva ya tovuti ni akaunti ipi. Seva iithibitishe hiyo anwani, iandike "Barua pepe imethibitishwa, sasa ingia", basi. Wenzangu watasema kuki inazuia mtu mwingine aliyeiona barua asiingie kwenye akaunti. Ni kweli, na kwa kuingia naikubali. Ila kuthibitisha anwani na kumwingiza mtu ndani ni kazi mbili, na sisi tumezifunga kamba moja.

Ama tutume tarakimu sita. Mtu azisome kwenye barua, arudi pale pale alipoanzia, aziandike. Hapo hata barua akiifungua kwa simu ya jirani, haidhuru.

Na yale maneno "linki si sahihi" yaondolewe. Linki ilikuwa sahihi. Andikeni: "Omba linki mpya, uifungue kwenye kivinjari ulichojisajilia." Mamangu mdogo anasoma vizuri tu.