Punguzo la Mdogo Linaishia Kwenye Ada

Shule nyingi binafsi za msingi za mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam humpa punguzo mzazi anayeleta mtoto wa pili, na mzazi huyo, akiisha kusikia neno asilimia 10, hurudi nyumbani akiamini kwamba gharama za mdogo zimepungua kwa sehemu moja ya kumi. Mara nyingi sivyo. Punguzo hukokotolewa juu ya ada peke yake, na ada ni sehemu tu ya fedha zitakazotoka mfukoni mwake kabla muhula haujaisha. Maoni yangu ni kwamba punguzo la aina hii limewekwa mahali pasipomsaidia sana mzazi, na njia rahisi ya kuliona jambo hilo ni kuifanya hesabu yenyewe hadi mwisho.

Nichukue familia ya mfano yenye watoto wawili katika shule moja, mkubwa akiwa darasa la nne na mdogo akianza darasa la kwanza mwezi Januari. Ada ya mdogo kwa muhula ni shilingi 800,000. Sare yake, yaani jozi mbili za nguo za darasani, sweta, nguo za michezo, viatu na soksi, inafika shilingi 140,000. Vitabu na madaftari ni shilingi 110,000. Basi la shule hutozwa shilingi 70,000 kwa mwezi kulingana na umbali wa nyumbani, na kwa kuwa muhula wa kwanza huhesabiwa miezi mitano, kuanzia Januari hadi Mei, usafiri unakuwa shilingi 350,000, hata kama mwezi Januari shule ilifunguliwa katikati ya wiki ya pili na mwezi mwingine ukakatwa na likizo fupi. Jumla ya yote manne ni shilingi 1,400,000.

Sasa tuondoe punguzo. Asilimia 10 ya ada ni shilingi 80,000, kwa hiyo mzazi analipa shilingi 1,320,000. Kama punguzo lingehesabiwa juu ya jumla yote, lingekuwa shilingi 140,000, na tofauti hiyo ya shilingi 60,000 ndiyo inayowashangaza wazazi wanapoipokea ankara. Ukipima shilingi 80,000 dhidi ya gharama halisi ya muhula wa mdogo, unapata chini kidogo ya asilimia 6. Ukiweka pia gharama za mkubwa, ambaye ada yake ni shilingi 900,000, vitabu shilingi 120,000 na basi shilingi 350,000, huku sare ya mwaka jana ikiwa bado inamtosha, familia inadaiwa shilingi 2,770,000 kabla ya punguzo, na punguzo lenyewe halifiki hata asilimia 3 ya kiasi hicho. Mhasibu wa shule hajadanganya mtu. Asilimia 10 iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga ni ya kweli, ila ni asilimia 10 ya mstari mmoja tu.

Katika fomu hiyohiyo kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaulizi, nalo ni mtoto yupi anayepewa punguzo. Ada za madarasa ya juu kwa kawaida ni kubwa kuliko za madarasa ya chini, na shule ikilielekeza punguzo kwa mdogo, kama ilivyo kawaida, inapunguza kwenye ada ndogo zaidi kati ya zile mbili. Katika mfano wetu, kumpa mkubwa kungeleta shilingi 90,000 badala ya 80,000. Si fedha nyingi, lakini mzazi mwenye watoto watatu atauona uzito wake.

Linalonisumbua zaidi ni usafiri. Basi linalompitia mkubwa asubuhi linasimama kwenye geti lilelile, linapita barabara ileile na kutumia mafuta yaleyale, mdogo awepo au asiwepo. Kinachoongezeka ni kiti kimoja, na kama basi lilikuwa na kiti kitupu, gharama ya ziada kwa shule ni ndogo mno. Hata hivyo mtoto wa pili hutozwa shilingi 350,000 kamili, kana kwamba basi limetumwa safari ya pili kwa ajili yake. Msimamizi wa shule anaweza kujibu kwamba basi likijaa, kiti cha mdogo kinamnyima nafasi mtoto mwingine ambaye angelipa kamili, na jibu hilo lina haki yake. Lakini dawati la darasani nalo lina hesabu hiyohiyo, na bado shule imekubali kulipunguzia bei. Kama shule ingetoza nusu ya nauli kwa mtoto wa pili anayepandia kituo kimoja na nduguye, familia ingeokoa shilingi 175,000 kwa muhula, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya punguzo la ada. Mzazi anayezungumza na uongozi wa shule kabla ya kusaini fomu, kwa maoni yangu, abishanie kiti cha basi kabla ya kubishania ada.

Kuna pia punguzo ambalo shule haitoi na ambalo hupatikana kabatini. Sweta ya mkubwa iliyombana na nguo zake za michezo zikimfaa mdogo, sehemu nzuri ya zile shilingi 140,000 inabaki nyumbani, mradi shule haijabadilisha rangi au nembo ya sare. Vitabu ni vigumu zaidi kurithiwa. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, darasa la kwanza na la tatu yalikuwa miongoni mwa madarasa yaliyotangulia, na mzazi aliyekuwa amehifadhi vitabu vya darasa la kwanza vya mwaka 2023 kwa ajili ya mdogo alilazimika kununua vingine.

Ni kosa vilevile kulinganisha shule mbili kwa kutazama muhula wa kwanza peke yake. Muhula wa pili, unaoanza Julai, mdogo wetu hahitaji sare mpya, na kwenye vitabu anahitaji labda madaftari ya shilingi 30,000. Gharama yake inashuka hadi shilingi 1,100,000 baada ya punguzo. Kwa mwaka mzima inakuwa shilingi 2,420,000, yaani wastani wa shilingi 1,210,000 kwa muhula. Shule yenye sare ghali na basi nafuu itaonekana mbaya mwezi Januari na nzuri kufikia Desemba, lakini wastani haukopeshi mtu: zile shilingi 1,320,000 za mdogo, pamoja na 1,370,000 za mkubwa, zinatakiwa mwanzoni mwa mwaka, hata kama shule inaruhusu ada ilipwe kwa awamu.

Awamu nazo huja na masharti. Baadhi ya shule huliondoa punguzo endapo awamu moja itachelewa kupita tarehe iliyopangwa, na mzazi hugundua hilo anapokuta shilingi 80,000 zimerudishwa kwenye deni. Mkubwa akimaliza shule ya msingi na kuondoka, mdogo huhesabiwa kuwa mtoto wa kwanza, na ada yake hurudi kamili mwaka unaofuata, wakati ambapo nyumba hiyohiyo inatafuta ada ya sekondari.