Kisa cha feri kikatiwe wapi?

Tumeandika kisa cha kujadiliwa na wanachuo wanaosomea ualimu: karatasi yao twaikata kabla ya mwisho, na mwisho wenyewe twauweka kwa karatasi ya mwalimu anayeongoza mjadala. Mkufunzi mwenzangu kaniuliza: "Kisa ni cha kweli na mwisho twaujua, mbona mwaufungia kwa karatasi ya mwalimu? Si muwape wanachuo yote pamoja?"

Hoja anayo. Ticha aliye peke yake skulini, hana wa kujadiliana naye, kisa kisicho na mwisho chamuacha hewani, huyo mpe karatasi zote mbili. Lakini darasa la chuo, watu 30 na saa moja, hapo sikubali.

Tukio letu lilikuwa hivi. Mtoto wa kidato cha pili avuka kutoka Likoni kila asubuhi, siku hiyo feri ikachelewa, kufika darasani mtihani wa hesabu ushakwenda dakika 15. Ticha akamwambia mlango umefungwa. Nyuma ikatoka sauti, "Mbona juzi fulani ulimuingiza?" Darasa kimya, macho yote kwa ticha.

Hapo ndipo tulipokata. Rasimu ya kwanza ilienda mpaka mwisho, mtoto akarudishwa nje, mzazi akaja kesho yake, na tulikuwa tumeandika ticha alijibu "kwa hasira". Kuijaribu tu mjadala ukafa dakika 5, manake kila mtu alishajua mbaya ni nani, wakawa wamhukumu badala ya kujiweka pale mlangoni. Tukafuta hasira, tukaandika kilichoonekana: mkono mmoja kwa mlango, mwingine umeshika karatasi za mtihani. Mara ya pili wakabishana nusu saa, na wako waliomtetea. Ukiona wote wamekubaliana mapema, kisome tena kisa chako, kuna neno limeshika upande.

Maswali nayo, "je, ticha alikosea?" halifai, ni ndiyo au la basi. Tulianza na: saa hii ticha ajua nini na hajui nini? Halafu: utaongea na nani kwanza, wa mlangoni au aliyeuliza, na utasema maneno gani? Mwisho: utaweka sheria gani ya kuchelewa isiyomuonea mtoto wa ng'ambo?

Karatasi ya mwalimu ndiyo yabeba lengo, dakika za kila swali, majibu ya kutarajia, kilichotokea baadaye, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, kinachokataza viboko na pia kumnyanyasa mtoto kiakili. Kifungu hicho ukikitanguliza kila mtu akimbilia hicho na hakuna tena anayefikiria aseme nini pale mlangoni.

Majina, skuli na somo la mtihani tumebadilisha. Feri hatukuigusa, ukiandika mtoto alilala tu basi lawama yahama na swali la mwisho lakosa maana.

Ticha mwenyewe tulimsomea kabla, akakubali, ila akasema tumesahau kitu: kipindi kilibaki dakika 25 tu na karatasi alishazihesabu. Tumeyaongeza, kwenye karatasi ya wanachuo, si ya mwalimu.