Neno "juzi" katika simu ya redioni

"Shikamoo daktari. Napiga kutoka Makorora, hapa Tanga. Mama ana miaka 72, anatumia vidonge vya kisukari. Tangu juzi usiku anaongea na watu tusiowaona, anavutavuta shuka, mchana anasinzia tu. Majirani wanasema majini, kaka anasema uzee. Tufanyeje?"

Neno zito kuliko yote hapo ni "juzi". Uzee haumgeuzi mtu kwa usiku mmoja. Maradhi ya kusahau ya wazee huingia polepole, kwa miezi na miaka, na kwa muda mrefu mgonjwa hubaki macho na kufuata mazungumzo. Skizofrenia, ugonjwa wa akili, nayo huanza zaidi ujanani, na wenye nayo husikia sauti kuliko kuona watu. Mzee ambaye hajawahi kuugua akili, akaanza ghafla kuona visivyoonekana, fahamu zikija na kupotea na usiku ukimzidia, hana haja ya kupelekwa hospitali ya akili ya Lutindi kwanza. Dalili hizo ni za deliriamu: ubongo umevurugwa na ugonjwa ulioko penginepo mwilini.

Nyumbani kuna namna nyepesi ya kuonja jambo hilo. Mwambie ataje siku za juma kinyumenyume, kutoka Ijumaa hadi Jumamosi. Mwenye deliriamu kwa kawaida hupotea njiani, hurukia habari nyingine, au husinzia katikati. Akizitaja zote bado si kibali cha kungoja, maana saa mbili baadaye anaweza asijue hata yuko wapi.

Kwa mama huyu cha kupimwa mara moja ni sukari, kwa tone la damu ya kidoleni. Mzee akikosa hamu ya kula huku anaendelea kumeza kidonge cha kisukari kama glibenklamidi, sukari hushuka, na chini ya milimoli 3.9 kwa lita ubongo huanza kukosa chakula chake. Kama yuko macho na anameza vizuri, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Kama amelegea asiweze kumeza, asitiwe chochote kinywani. Abebwe aende hospitali. Hata akizinduka aende vilevile, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Sukari ikiwa sawa, msako unaendelea: malaria, nimonia, upungufu wa maji, chumvi za damu, figo, mkojo uliozuilika. Hapa kuna kosa la mara kwa mara. Mkojo ukionekana na bakteria, familia huambiwa "ni UTI" na mambo huishia hapo. Wazee wengi hubeba bakteria kwenye mkojo bila kuugua, kwa hiyo jibu hilo peke yake halifungi kesi. Dawa nazo zichunguzwe. Piritoni ya mafua yaweza kumchanganya mzee, na diazepamu anayopewa "alale" mara nyingi humzidishia.

Wapo madaktari wanaoona maswali kama haya yasijibiwe hewani kabisa, kwa kuwa mgonjwa haonekani wala hagusiki. Wana hoja: sauti tulivu inayosema "msiwe na wasiwasi" yaweza kumlaza nyumbani mtu aliyepaswa kuwa hospitali ya Bombo usiku uleule. Lakini kukaa kimya kunamwachia jirani kazi ya kujibu. Jibu la redioni lina faida likiuliza kwanza "lilianza lini?" na, likisikia saa au siku chache, likasema: leo, si kesho. Ugonjwa wenyewe utajwe hospitali.

Na kisomo cha Kurani cha kufukuza majini? Kukikataa hewani kwa kejeli ni kuifukuza familia, na sauti ya mtu anayemfahamu ikisoma kando ya kitanda inaweza kweli kumtuliza. Madhara yako kwingine: kumfungia katika chumba chenye moshi wa mafusho, kumnyima chakula, kumfunga kamba, kungoja siku saba zitimie. Shehe asome njiani au wodini, vipimo vikiendelea. Wodini akae ndugu mmoja anayemjua, taa iwe inawaka, miwani yake iwe usoni, aambiwe mara kwa mara yuko wapi na leo ni siku gani, bila kubishana naye juu ya hao anaowaona.

Wanaompeleka wabebe mfuko wenye dawa zake zote, hata za dukani na za miti shamba, na wawe na majibu matatu: kulianza saa ngapi, alikula lini mara ya mwisho, alikojoa lini mara ya mwisho.